Bwawa la Maarib: Tuta Lililoelemewa na Tope

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wetu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika, isipokuwa picha na ramani zilizoonyeshwa ukutani siku ile.

Waheshimiwa wazee wangu, masheikh, walimu, ndugu zangu wake kwa waume, assalaam alaykum.

Wengi mliomo humu mlilisikia jina la Sabaa mkiwa chuoni, bado wadogo. Sura ya 34 inatueleza habari za watu waliokuwa na bustani mbili, moja kuliani na moja kushotoni, kisha yakawajia mafuriko ya Arim, na badala ya bustani zile wakabaki na miti ya matunda machungu, mivinje, na mikunazi michache. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya bustani zile zenyewe: zilikuwa wapi, zilinyweshwaje, na kwa nini tuta lililozinywesha kwa zaidi ya miaka elfu moja lilivunjika, na lilipovunjika mara ya mwisho halikujengwa tena.

Tuanze na mahali. Mji wa Maarib, makao ya ufalme wa Sabaa, uko mashariki ya Sanaa, pale milima ya Yemen inapoishia na jangwa la mchanga linapoanza. Mvua inayonyesha Maarib kwenyewe haifiki milimita 100 kwa mwaka, na kwa mvua hiyo peke yake hupati hata shamba moja la mtama. Lakini juu kule milimani mvua za msimu hunyesha mara mbili kwa mwaka, katika miezi ya Aprili na Mei, halafu tena kuanzia Julai hadi Septemba. Maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 10,000 hukusanyika katika bonde moja liitwalo Wadi Dhana, na bonde hilo, kabla ya kutokea jangwani, hupenya katika mlango mwembamba kati ya vilima viwili vya Balaq. Miezi mingi ya mwaka bonde ni kavu, unapita kwa miguu. Kisha siku moja, pengine bila hata wingu juu ya kichwa chako, maji yanateremka kwa kishindo, mekundu kwa udongo, na baada ya muda mfupi yamekwisha pita na kuzama mchangani.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: mkulima afanye nini na maji ya namna hiyo? Maji yanayokuja kwa wingi wa kubomoa, yanayokaa kwa muda mfupi, na yanayopita chini kabisa ya bonde ilhali mashamba yako juu, pembeni?

Wengi wetu tukisikia neno bwawa tunafikiria ziwa, maji yaliyowekwa akiba hadi wakati wa kiangazi. Bwawa la Maarib halikuwa hivyo, na asiyelielewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini liliharibika. Lilikuwa bwawa la kuinua maji, si la kuweka maji. Lilikuwa tuta la udongo lenye urefu wa mita zipatazo 600, lililokatiza mlango ule kutoka kilima hadi kilima, na upande wake unaopokea maji ulivikwa mawe. Katika kila ncha ya tuta, penye mwamba imara, palijengwa malango ya maji kwa mawe yaliyochongwa: lango la kaskazini na lango la kusini. Mafuriko yalipofika yaligonga tuta, yakakosa njia, yakapanda. Yalipofikia kimo cha malango yalitoka kwa pande mbili, yakaingia katika mifereji mikuu, na kwenye mfereji wa kaskazini yalisafiri kiasi cha kilomita moja kabla ya kufika mahali pa kugawiwa, kisha yakagawiwa tena na tena hadi kila shamba likapata fungu lake.

Kila shamba lilizungukwa na kituta kidogo. Maji yaliingia, yakatuama, yakazama taratibu, na ardhi ikashiba. Hapo ndipo mkulima alipopanda. Mazao hayakuhitaji kunyweshwa kila siku, kwa sababu yaliota kwa unyevu uliokuwa tayari umehifadhiwa ndani ya udongo. Akiba ya maji ya Sabaa, basi, haikuwa nyuma ya tuta. Ilikuwa chini ya miguu ya wakulima. Kwa njia hii walinywesha karibu hekta 9,600, kaskazini na kusini ya bonde, na maandishi yao wenyewe ya mawe yanaupa kila upande jina lake: wa kusini Yasran, wa kaskazini Abyan. Msafiri aliyetoka bwawani kuelekea mjini alikuwa kweli na bustani kuliani na bustani kushotoni.

Nani aliyelijenga? Kilimo cha mafuriko katika bonde lile ni cha kale sana, kilianza miaka elfu mbili hivi kabla ya bwawa lenyewe, kwa vituta vya kawaida vilivyosukumwa na kujengwa upya kila msimu. Bwawa kubwa ni kazi ya karne ya 6 kabla ya Kristo. Pale lango la kusini, wafalme wawili wa Sabaa, Sumhualay Yanuf na Yithaamar Bayyin, waliandikisha majina yao juu ya mwamba waliouchonga. Mafundi wao walikuwa mafundi hasa. Mawe ya malango yamekatwa yakakaana bila nafasi ya kupitisha hata kisu, na mahali penye kustahimili nguvu kubwa waliyafunga kwa risasi iliyoyeyushwa. Leo, zaidi ya miaka elfu mbili baadaye, mabaki ya malango yale yote mawili yangali yamesimama. Tuta la udongo lililokuwa katikati ndilo lililokwenda na maji.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kiini cha habari yenyewe, nami nawaomba mnivumilie nilieleze jambo hili kwa utaratibu.

Maji ya mafuriko hayaji peke yake. Yanakuja na udongo wa milimani. Yanapotuama shambani, udongo ule unatua, na mkulima anafurahi, kwa kuwa ni mbolea anayoletewa bure kila msimu. Watafiti wa Taasisi ya Akiolojia ya Ujerumani, waliofanya kazi Maarib kuanzia miaka ya 1970, walizisoma tabaka za mashapo hayo kama zilivyojikata wazi katika kingo za bonde, na wakapata kwamba mashamba yalipanda kwa kiasi cha sentimita moja kila mwaka. Sentimita moja! Mtu hawezi kuiona. Baba hawezi kumwonyesha mwanawe. Lakini sentimita moja kwa mwaka ni mita moja kwa karne, na katika miaka elfu ni mita 10. Mahali pengine mashapo ya Maarib yamelundikana hadi kufikia unene wa mita 30, tangu siku za vile vituta vya kwanza.

Shamba likipanda mita moja, maji yatalifikiaje? Ni lazima yatoke langoni yakiwa juu kwa mita moja zaidi. Na ili yatoke juu zaidi, tuta nalo ni lazima liongezwe. Ukiongeza tuta, maji yenye tope yanafika shambani vizuri, shamba linapanda tena, na baada ya karne moja uko palepale ulipoanzia. Wakati huohuo tope linatua pia nyuma ya tuta na ndani ya mifereji, na lisipozolewa linaziba njia. Mnaona jambo lenyewe lilivyo? Tuta halikuwa na kosa katika kazi yake. Kadiri lilivyofanya kazi yake vizuri, ndivyo lilivyojiongezea kazi.

Na kazi hiyo haikuongezeka kwa kipimo kilekile. Tuta la udongo haliwezi kusimama wima kama ukuta. Ni pana chini na jembamba juu, na ukitaka liende juu ni lazima ulipanue chini vilevile. Chukueni tuta la kimo cha mita 7 na jingine la mita 14, lenye mteremko uleule wa pande zake. Kimo kimekuwa mara mbili, lakini udongo unaohitajika ni mara nne. Msukumo wa maji yaliyosimama dhidi yake nao ni mara nne. Katika siku zake za mwisho bwawa la Maarib lilikuwa na kimo cha mita 14 au 15. Watu wa siku zile za mwisho, kwa hiyo, walirithi mnyama mkubwa mara nyingi kuliko yule waliyemfuga babu zao, na walitakiwa kumlisha kwa nguvu za mikono na migongo ya wanyama.

Tuta la namna hiyo huharibika kwa njia gani? Njia ya kwanza ni maji kupita juu yake. Hata kijito chembamba kikianza kumwagika juu ya udongo huchimba mfereji, mfereji hupanuka, na katika muda mfupi pengo limekuwa kubwa kiasi kwamba hakuna wa kuliziba. Njia ya pili ni maji kupenya ndani kwa ndani, yakibeba chembe za udongo moja moja, hadi njia ya siri inafunguka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mahali pa hatari zaidi ni pale udongo unapokutana na jiwe, penye ncha za tuta karibu na malango, kwa sababu udongo hukaa na kunywea, na jiwe halinywei. Na kumbukeni kwamba tuta hili lilikauka kwa jua la jangwani kwa miezi mingi, likapasuka nyufa, kisha likapokea maji kwa ghafla. Msimamizi mzuri huziona dalili mapema: maji yanayovuja nyuma ya tuta yakiwa masafi si kitisho kikubwa, lakini yakianza kutoka na rangi ya udongo, ujue tuta linajila kwa ndani.

Ndiyo maana historia ya bwawa hili ni historia ya kuvunjika na kujengwa, kuvunjika na kujengwa. Habari hizo zimebaki kwa sababu wafalme waliziandika juu ya mawe, na mawe hayo yakanakiliwa na wasafiri waliohatarisha maisha yao. Mmoja wao alikuwa Eduard Glaser, aliyefika Maarib mwaka 1888. Katika karne ya 5 baada ya Kristo mfalme wa Himyar aitwaye Sharahbil Yafur alilitengeneza bwawa, likavunjika tena muda mfupi baadaye, naye akalazimika kuwaita watu wa Himyar na Hadhramaut, wapatao 20,000, ili walijenge upya. Watu 20,000 kwa tuta moja! Zingatieni pia kwamba wengi hawakuwa wenye mashamba ya Maarib. Himyar ilikuwa na mji mkuu wake Zafar, mbali katika nyanda za juu, na Maarib haikuwa tena kitovu cha ufalme. Biashara ya ubani, iliyokuwa ikipita hapo juu ya migongo ya ngamia, ilikuwa imehamia baharini kwa sehemu kubwa. Mahitaji ya bwawa yaliendelea kukua, ilhali mji uliolimiliki ulikuwa ukidhoofika.

Habari iliyo kamili kuliko zote ni ya Abraha. Naam, Abraha huyuhuyu mnayemjua kutoka Alamtara, Abraha wa tembo. Alikuwa mtu wa upande wa Habasha aliyejitwalia ufalme wa Yemen, naye aliacha pale Maarib nguzo ya jiwe yenye mistari 136, inayoanza kwa kumtaja Mwingi wa Rehema, na Masihi wake, na Roho Mtakatifu. Tarehe yake inaangukia mwaka 548.

Inasimulia nini nguzo hiyo? Abraha alikuwa akipigana na waasi, na kiongozi wao alikuwa Yazid bin Kabsha wa kabila la Kinda. Vita vikiwa havijatulia, ikaja habari kwamba bwawa limevunjika. Akatuma wito kwa makabila yalete watu, mawe, udongo na vyakula kwa mwezi aliouweka. Watu wakafika, kazi ikaanza. Halafu tauni ikaingia. Ilikuwa miaka michache tu baada ya tauni kubwa iliyozuka mwaka 541 katika nchi za Bahari ya Kati. Abraha alipoona hali ya watu wake aliwaruhusu warudi makwao, na kazi ikasimama. Baadaye aliwaita tena, wakarudi, wakamaliza. Karani wake aliandika hesabu ya chakula kilicholiwa: vipimo 50,806 vya unga, vipimo 26,000 vya tende, kondoo na mbuzi 7,200, mbali na ng'ombe, ngamia na vinywaji. Mimi kila ninapoisoma hesabu ile, ile sita ya mwisho kwenye unga hunigusa. Palikuwa na mtu pale, amesimama juani na kibao chake, akihesabu kila kipimo, kwa sababu kila kipimo kilitolewa na kijiji fulani na kilikuwa na uzito kwa kijiji hicho.

Tazameni sasa mambo yaliyohitajika ili tuta moja lizibwe: mfalme mwenye neno la kusikilizwa na makabila yote, amani ya miezi kadhaa, chakula cha maelfu ya watu kutoka nje ya Maarib, na afya ya watu hao. Mwaka 548 vyote vinne vilikaribia kukosekana kwa pamoja, na bado kazi ikafanyika. Lakini takriban miaka 25 baadaye, kati ya mwaka 570 na 575 hivi, Abraha hayupo tena, nchi inagombewa na Wahabeshi na Waajemi, na tuta linavunjika kwa mara nyingine. Safari hii hakutokea wa kuita watu.

Na kwa nini wakulima wa Maarib wenyewe hawakurudi kwenye vituta vyao vidogo vya kale? Jibu liko katika ile sentimita moja. Mashamba yalikuwa yamepanda mno. Tuta lilipokwenda, maji yalirudi chini ya bonde na kuanza kulichimba zaidi, huku mashamba yakining'inia mita nyingi juu yake, na hapakuwa na kituta kidogo cha kuyapandisha maji hadi kule. Udongo uliowalisha kwa vizazi zaidi ya arobaini ndio uliowatenga na maji.

Masimulizi ya Waarabu yanaieleza habari hii kwa njia nyingine, nayo yanastahili kusikilizwa. Yanasema palikuwa na bwana mkubwa aitwaye Amru bin Amir, na mwanamke kahini aitwaye Tarifa aliyemwambia kwamba bwawa litavunjika, na ishara yake ni panya. Amru akaenda akamwona panya akilisukuma kwa miguu yake jiwe ambalo wanaume hamsini wasingeliweza. Akataka kuuza mali yake na kuhama, lakini aliogopa watu wakijua sababu hawatanunua. Akapanga na mwanawe ampige kofi mbele ya watu. Akajitia hasira, akaapa kwamba hakai katika nchi aliyovunjiwa heshima namna ile, akauza kila kitu, akaondoka na watu wake. Kizazi chake na jamaa zake wa Azdi wakatawanyika: Ghassan wakaenda Sham, Aus na Khazraj wakaenda Yathrib, Khuzaa wakakaa Makka, na wengine wakaenda Oman. Waarabu hadi leo husema juu ya watu waliosambaratika kwamba wametawanyika kama Sabaa.

Je, panya huyo ni uzushi? Msimamizi yeyote wa tuta la udongo anajua kwamba mashimo ya wanyama ni hatari ya kweli, kwa maana ni njia iliyo tayari kwa maji yapenyayo. Waliosimulia kisa hiki walijua jinsi tuta linavyokufa. Ninachokataa ni kwamba kuvunjika kule na kuhama kule vilitokea kwa mara moja. Kataeni nanyi, na dalili yake imo katika nguzo ileile ya Abraha. Nguzo inaorodhesha wajumbe waliomfikia wakati wa matengenezo: wa Negus mfalme wa Habasha, wa Rumi, wa Uajemi, na miongoni mwao mjumbe wa Harith bin Jabala. Harith bin Jabala ni nani? Ni mfalme wa Ghassan, huko Sham! Watu wanaosemwa walikimbia kuvunjika kwa bwawa walikuwa tayari na ufalme wao kaskazini, wakituma salamu kwa mtu aliyekuwa akilitengeneza. Watu wa Yemen walihama kidogo kidogo kwa karne nyingi, kama bwawa lenyewe lilivyochakaa kidogo kidogo, na wasimulizi wakayakusanya yote katika tukio moja.

Jambo hili si geni kwetu hapa pwani. Wanabahani waliotawala Pate na Mabusaidi waliotawala Unguja wote walitoka Oman, na wote hujihesabu kuwa ni wa asili ya Azdi. Zipo nasaba zilizohifadhiwa katika nyumba za pwani hii ambazo, ukizifuata juu, zinaishia Maarib.

Sheikh Zayed bin Sultan wa Abu Dhabi naye alihesabu kwamba wazee wake walitoka huko, na kwa gharama yake likajengwa bwawa jipya, likafunguliwa mwaka 1986, kilomita tatu hivi juu ya lile la kale. Lina kimo cha mita 38, na linaweza kushika mita za ujazo zipatazo milioni 400. Lakini hili ni bwawa la kuweka maji. Maji yanasimama, yanapungua kwa jua, yanatolewa taratibu, na tope linabaki nyuma ya ukuta badala ya kwenda shambani. Mashamba hayapandi tena, na pia hayapati tena ule udongo mpya wa kila msimu. Ni ziwa lenyewe ndilo linalojaa.

Malango ya kale yaliendelea kusimama hadi vita vya sasa. Mwisho wa Mei 2015 shambulio la ndege lilipiga lango la kaskazini na kubomoa sehemu ya mawe yake. Mwezi wa Januari 2023 UNESCO iliyaingiza mabaki ya ufalme wa Sabaa, bwawa likiwemo, katika Urithi wa Dunia, na siku hiyohiyo ikayaweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lango la kusini, lenye majina ya Sumhualay na Yithaamar, bado lipo.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.